Rangi Niliyoitoa Kivulini

Mama mmoja wa mtaa wa Elgon View alikuja studio yangu ya usanifu na uchapaji, mtaani Pioneer, akitaka brosha ya gesti yake. Alikuwa na picha moja tu: nyumba, nyasi na maua. Rangi zote za brosha nilizichukua kwenye picha hiyo ili kurasa zikubaliane nayo. Kijani cha nyasi kikawa rangi kuu, krimu ya ukuta ikajaza nafasi ya nyuma, na waridi ya maua nikaitumia kidogo tu, kwenye vichwa vya kurasa. Kwa maandishi nilihitaji rangi nzito inayosomeka juu ya krimu. Niliipata kwenye kivuli kirefu kilicholala nyasini.

Alipoona kazi, aliuliza, "Hii rangi ya maandishi umeitoa wapi?"

Nikamwonyesha kivuli.

"Huyo ni bwanangu," akasema. "Ndiye alikuwa anapiga picha. Tulimzika mwezi huo huo."

"Pole, Mama. Wacha niibadilishe."

"Usiiguse."

Nilichapisha hivyo. Alipoondoka na maboksi yake, nilishika nakala iliyobaki nikashindwa kuisoma. Kila neno, hata saa za chai ya asubuhi, lilikuwa kama limeandikwa na mtu aliyesimama nyuma yangu.