Bi Utarudi wa Dirisha la Kwanza

Kama umewahi kukata tiketi kwenye kituo chetu cha treni, ukakutana na mama wa dirisha la kwanza anayekukazia macho na kukuuliza "Utarudi?" kabla hujamaliza hata salamu, basi ndiye huyo ninayemsema. Sisi wenzake tulimpa jina la Bi Utarudi. Mwanzoni alinuna, baadaye akazoea, mwisho hata msimamizi akawa anamwita hivyo kwenye vikao. Mimi nakaa dirisha la pili. Kati yetu kuna ubao mwembamba usiozuia neno lolote, kwa hiyo mambo yake mengi nimeyasikia bila kupenda.

Niseme ukweli, mimi si mtu wa subira. Mgeni akiniuliza achukue tiketi gani, namkatia ile iliyo karibu na kidole changu, aende zake. Bi Utarudi hakuwa hivyo. Kwake lile swali ndilo lilikuwa kazi yenyewe, hayo mengine ni kubonyeza tu.

Mgeni akisema anakaa siku chache na harudi, alimuuliza kama ana kadi ya benki ya kugusisha, na kama benki yake inamkata ada akitumia pesa nje ya kwao. Kama haimkati, alimfukuza dirishani kwa upole. "Gusisha hiyo hiyo getini, mwanangu, kwangu usinunue kitu. Mashine inakuhesabia yenyewe, ukifika kiwango cha juu cha siku haikukati tena. Ila kila mtu na kadi yake. Na ulichoingilia ndicho utokee. Usije ukaingia na simu ukatoka na kadi, hata kama pesa zinatoka akaunti moja. Mashine itadhani ni watu wawili waliopotelea njiani, na wote itawatoza nauli ya juu." Mwenye benki ya kukata ada, au wa safari moja mbili tu, alimkatia karatasi. Nauli ya karatasi iko juu kidogo, lakini haina amana wala salio la kuhangaikia.

Kadi yetu ya bluu, ile ya kuwekea salio, alimpa mtu wa kurudi peke yake. Unalipa amana ya kadi yenyewe, unayorudishiwa siku ukiirejesha, unaweka pesa zako ndani, nauli inakuwa nafuu, na ukiondoka salio linakusubiri. "Hii ni ya mtu mwenye safari nyingine mbele," alikuwa akisema.

Msimamizi hakuipenda hiyo tabia. Alitaka tuziuze za bluu kwa kila mgeni, maana zinapendeza kwenye taarifa yake ya mwezi. Bi Utarudi alimjibu mbele yetu sote: "Mgeni aende kwao na salio letu, likalale chini ya sanduku lake mpaka lini? Ukitaka kumuibia, njoo ukae wewe hapa dirishani." Msimamizi alicheka, akatoka. Mimi nilimpenda yule mama tangu siku hiyo, ingawa sikumwambia.

Alikuwa akiishi peke yake, vyumba viwili nyuma ya karakana. Mumewe alifariki zamani, mtoto hawakujaliwa. Wazazi nao walishatangulia. Aliyebaki kwake duniani ni mdogo wake wa kike, ambaye mama yao alipofariki, Bi Utarudi ndiye aliyembeba mgongoni, akamsuka nywele za shule, akamwoza. Mdogo mtu aliolewa nchi ya mbali. Walikuwa wanaongea kwa simu kila Jumapili, na Jumatatu nilikuwa nasimuliwa yote, nitake nisitake.

Basi siku moja akaniambia kwamba mdogo wake anakuja, kwa siku chache tu. Eh, tulikoma! Alibadilisha mapazia, akamsumbua mke wangu mpaka akaazima godoro letu la wageni, akaomba zamu za asubuhi ili jioni awe huru. Alifanana na mwanafunzi anayengoja likizo.

Mdogo mtu alipofika hakwenda nyumbani kwanza. Alishuka kwenye treni ya uwanja wa ndege, akapanga foleni dirisha la kwanza na sanduku lake, kama mteja yeyote. Alikuwa mwembamba, amejifunga mtandio mkubwa kichwani. Zamu yake ilipofika akainama kwenye kioo.

"Shikamoo, dada."

Bi Utarudi aliangusha funguo. Alijaribu kufungua mlango wa nyuma bila funguo, ukagoma, akarudi kwenye kioo akakibandika kiganja, mwenzake akabandika chake upande wa pili. Walilia na kucheka, na watu wa foleni wakawasubiri bila kunung'unika, jambo ambalo halitokei kila siku.

"Unakaa siku ngapi?" Bi Utarudi aliuliza akijifuta machozi, kwa sauti ya kazini, kwa utani.

"Nne tu, dada."

"Utarudi?"

Mdogo mtu alicheka. Lakini alichelewa kidogo kucheka. "Nitarudi, dada. Nisirudi niende wapi?"

Bi Utarudi akatoa kadi ya bluu, akalipa amana mwenyewe, akaitia salio la kumtosha mtu mwaka mzima. Mimi nilitoa macho. Mgeni wa siku nne, aliyekuja kutoka uwanja wa ndege kwa kugusisha kadi yake ya benki bila tatizo lolote! Nikamchokoza kupitia ubaoni: "Leo sheria imelala?"

"Wewe nyamaza," akasema. "Huyu ni wa kurudi."

Siku zilizofuata mdogo mtu alipita kila asubuhi, akagusisha kadi yake ya bluu, akatupungia mkono. Alikwenda kaburini kwa mama yao. Alikwenda kwenye nyumba waliyopanga utotoni, akakuta imekuwa duka la rangi. Alimtafuta mwalimu wake wa darasa la kwanza mpaka akampata. Kila mara kabla ya kupanda ngazi za jukwaani alikaa kwenye benchi, akashika kiuno, akapumua. Nilimwambia Bi Utarudi kwamba mdogo wake amepungua sana.

"Huko kwao wanakula majani," akanijibu kwa ukali. Sikurudia tena.

Siku ya kuondoka, mdogo mtu alipanga tena foleni dirisha la kwanza. Bi Utarudi alimwona akiwa bado nyuma ya watu, akatabasamu, akawahudumia wa mbele haraka haraka. Alidhani amekuja kuaga tu. Zamu ilipofika, mdogo mtu akapitisha ile kadi ya bluu chini ya kioo.

"Nirudishie salio, dada."

"Salio la nini? Kadi haiozi. Iweke kwenye pochi, ukija mwakani unagusisha tu."

"Unawaambia mwenyewe kila siku. Asiyerudi asiondoke na salio."

"Si ulisema utarudi?"

"Uliniuliza mbele ya watu, na furaha ilikuwa imekujaa usoni. Ningekujibu nini?" Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Dada, naumwa. Naumwa muda mrefu. Madaktari wameacha kunipangia tarehe za kurudi kwao. Nilikuja kukuona."

Nilikuwa namhudumia mzee mmoja, nikasahau anakwenda wapi.

"Siku nne umelala kwangu," Bi Utarudi alisema taratibu. "Siku nne, husemi?"

"Nyumbani nilishindwa. Kila nikifungua mdomo unanipakulia chakula. Nikaona hapa angalau kuna kioo."

Kijana mmoja wa nyuma akaanza kulalamika kwamba atachelewa. Nilimgeukia nikamfokea ahamie dirisha la tatu kabla sijatoka, na nilivyomwangalia, alihama.

Sasa, kurudisha kadi kuna utaratibu wake. Unaiweka kwenye kisomeo, salio na amana vinatokea, kisha skrini inakuuliza una hakika, kwa sababu ukithibitisha kadi inafungwa, haifunguki tena. Tunabonyeza hapo bila hata kusoma. Bi Utarudi aliyasoma yale maneno kama hajawahi kuyaona. Kidole kilisimama hewani.

"Bonyeza, dada," mdogo mtu akasema, kwa upole wa kumwongoza mtoto. "Nami nataka nione umenielewa."

Akabonyeza. Droo ya pesa ikafunguka, akazipitisha chini ya kioo. Mdogo mtu akazisukuma kurudi.

"Hizi zako. Mimi nikatie karatasi ya uwanja wa ndege."

Huko nyuma, kabla ya kadi zote hizi, tulifundishwa swali moja la kumuuliza kila mwenye karatasi, na mdomo umelizoea hata ukiwa usingizini. Bi Utarudi akalianza: "Kwenda tu, au kwenda na..." Hakulimaliza. Ubao ule ulikuwa ukitetemeka, ameuegemea kwa bega.

"Kwenda tu," mdogo wake akamjibu.

Akaikata. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kwenye zamu yake: akaning'iniza kibao cha DIRISHA LIMEFUNGWA, akatoka kwa mlango wa nyuma, akabeba sanduku la mdogo wake. Niliwaona wakipita getini wameshikana mikono. Msimamizi alikuja mbio kuuliza kuna nini. Nilimwambia aulize kesho.

Alirudi mchana, akakaa, akatoa kile kibao. Akaongea mwenyewe, macho yakiwa mbele.

"Nilitaka nibaki na ile tiketi. Tumefika geti la kule, ameiingiza, mashine ikaimeza. Karatasi ya kwenda tu humezwa mtu akitoka. Miaka yote najua. Sijui kwa nini sikukumbuka."

Simu ya msiba ilikuja muda si mrefu, mvua za msimu ule zikiwa bado hazijaisha. Alikwenda kuzika, akarudi, akaendelea na kazi. Ushauri wake haukupungua: bado anawaelekeza wageni wagusishe kadi zao za benki, bado anawakatia karatasi wanaofaa kukatiwa. Ila lile swali aliliacha. Sasa anauliza "Unakaa siku ngapi?" kama sisi wengine, na jina la Bi Utarudi hakuna kati yetu anayelitamka.

Juzi alikuja mgeni mmoja wa makamo, mwanamke mchangamfu. Akafika dirisha la kwanza akaweka kadi ya bluu mbele ya kioo, imechubuka kona.

"Mama, hunikumbuki," akasema. "Safari ile uliniuliza kama nitarudi, nikakwambia ndiyo. Basi nimerudi. Niangalizie, salio langu bado lipo?"

Bi Utarudi aliichukua, akaiweka kwenye kisomeo. Salio lilikuwepo lote. Aliishika ile kadi kwa mikono miwili, muda mrefu kuliko kazi inavyotaka, na machozi yakamdondokea mezani. Mgeni akanitazama mimi, hajui amekosea wapi.

"Lipo, mwanangu," Bi Utarudi akasema mwishowe, akimrudishia. "Karibu. Umefanya vizuri kurudi."

Halafu akainamisha kichwa juu ya kibodi. Mimi nikaita foleni yake yote ije kwangu, na siku hiyo sikumfokea mtu.