Garanti ya Depo ya Mubi

Mama Agathe hakugusa hata chai yangu. Alifika Mubi na pikipiki, matope mpaka magotini, akaomba maji ya kunawa, kisha akaomba vitabu vya kooperative yetu ya mafuta ya mawese. Njo kazi yake, miaka na miaka: kukagua hesabu za watu na kutoamini mutu. Mimi Elodie, gérante mwenye kuiongoza, saa sita haijafika nilikuwa nimeshamuchukia.

Floribert, comptable wetu, mwandishi wa hesabu, ni mudogo wangu wa tumbo moja. Mimi njo nilimuingiza kazi. Mama Agathe akaanza na depo mpya ya kuwekea mafuta, ile tulilipa kodi ya mwaka muzima mbele, dola elfu mbili mia ine.

"Floribert, mwisho wa mwaka umeandika imebakia elfu moja. Juu ya nini?"

"Tuliingiza mafuta mwezi wa sita, Mama," Floribert akasema.

"Lakini contrat inaanza mwezi wa tano. Hata depo ikiwa tupu, kila mwezi inakula mia mbili. Ilikula miezi minane. Inabakia mia nane."

Kosa dogo tu! Nikamuambia vile, na hasira yangu yote. Mama Agathe akafungua ukurasa mwingine.

"Na hii garanti ya depo ya zamani, mia sita mulimuwekea mwenye nyumba? Mulitoka kule mwezi wa ine. Papa Sebahire atairudisha lini?"

"Atarudisha," Floribert akasema haraka.

"Basi twende tumuulize."

Njiani nilikuwa ninamuchunguza huyo mama, si mudogo wangu. Nilijisemea: huyu anatafuta bahasha, tena nono.

Papa Sebahire, mwenye nyumba, alicheka. "Garanti gani tena? Muliikula. Miezi mitatu ya mwisho mulikaa bila kulipa, kama vile wapangaji wote wa hapa wanafanya."

Kwa kitabu cha caisse, cha pesa zinazotoka, miezi ile mitatu Floribert aliandika amelipa. Mama Agathe akatoa kwa mufuko reçus za malipo yale. Mzee akazitazama, akazirudisha: sahihi si yake.

Tuliporudi, Floribert hakukana.

"Dada, operation yako kwa hospitali ya Mweso, ulifikiri nililipa na nini?"

Nikamugeukia yule niliyekuwa ninamuchukia. "Mama, andika nitalipa mimi."

"Sebahire hana tena deni yenu," akasema polepole. "Iko kwa Floribert. Ukitaka kumulipia, ni vizuri. Lakini ili niandike kwamba pesa itarudi, nione kwanza itatokea wapi. Uko na nini?"

Shamba tuliliacha vitani. Mushahara wangu, mikopo inaumaliza kabla sijaushika. Floribert naye, akifukuzwa, atalipa na nini? Nikatikisa kichwa. Mama Agathe akaandika mia sita yote hasara.

Floribert akaweka funguo za caisse mbele yangu. Barua ya kumufukuza inasainiwa na gérante.