Maji Ndani ya Bei

Mke wangu alikuwa na mwandiko mzuri kuliko ulimi wake, nami nilivipenda vyote viwili. Masista wa Ushirombo walimfundisha kuandika herufi zilizolala vizuri kwenye mstari. Mimi nilikuwa fundi mwashi. Kusoma nilijua, lakini nikishika kalamu herufi zangu zilipepesuka kama mtu aliyetoka kilabuni. Kwa hiyo nyumbani kwetu hesabu zilikuwa zangu na barua zilikuwa zake, na mara nyingi hata hesabu alizitia mkono.

Wakati ule nilikuwa nimerudi kutoka Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, ambako nilijenga nyumba za wafanyakazi. Nilikuwa nimekaa kule muda mrefu kiasi kwamba mtoto wetu wa pili aliponiona alijificha nyuma ya mama yake, akamwuliza huyu mgeni anaondoka lini. Mke wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea na kicheko kikakoma. Tukakubaliana kwamba nikipata kazi ya karibu sirudi tena mgodini. Nisipopata, nafasi yangu kule bado ilikuwa wazi, na watoto hawali mapenzi.

Basi tukasikia kwamba chama cha wakulima wa pamba cha upande wa Kagongwa kimetangaza tenda ya kujenga ghala. La kwanza walilijenga miaka michache nyuma, na sakafu yake ilikuwa imegeuka unga. Kila fundi alitakiwa kuleta bei yake ndani ya bahasha iliyofungwa, pamoja na barua ya kueleza bei hiyo inabeba kitu gani na kwa nini chama kiichague.

Tulikaa uani baada ya kula, yeye na karatasi juu ya ubao wa kukatia mboga, mimi nikitembea huku na huku kama karani mkuu.

"Andika," nikamwambia, "bei yangu ni nafuu kuliko ya fundi mwingine yeyote."

"Za wengine umeziona?"

"Nitazionaje na zimefungwa?"

"Basi hilo siandiki. Niambie bei inabeba nini."

Nikamtajia: msingi wa mawe, kufyatua na kuchoma matofali, kuta, mbao za paa, sakafu ya saruji, ujira wa mafundi na vibarua, na kusafirisha mabati kutoka stesheni ya Isaka. Mabati yenyewe ni ya chama. Akaandika yote, kisha akainua kichwa.

"Na maji?"

"Maji gani tena?"

"Ya matofali. Ya kuchanganyia saruji. Ya kumwagilia sakafu mpaka ikomae. Yatatoka wapi?"

"Kisimani."

"Yatakuja kwa miguu yao?"

"Wanawake watateka, mama. Siku zote si wanateka?"

Akaweka kalamu chini. Dada yake aliolewa kijiji kile, na habari za ghala la kwanza alikuwa nazo zote. Wanawake waliamriwa kuteka maji bure, wakati wa kiangazi, visima vikiwa vimebaki tope. Kila mmoja alileta debe moja kutimiza amri, akarudi kwa watoto wake. Fundi wa ghala lile akachanganya saruji kwa maji yaliyokuwepo, sakafu akainyunyizia siku moja, akaiacha jua limalizie. Hayo ndiyo ninayoyajua mimi: saruji ikinyimwa maji mwanzoni haishiki, hata uyamimine baadaye kwa wingi namna gani.

Lakini kujua si kukubali. Nilimwambia tukiweka ujira wa wateka maji bei itapanda, tutashindwa, na yeye atabaki na maji yake mimi nikiwa Geita. Akasema afadhali kushindwa kwa bei ya kweli kuliko kushinda kwa mgongo wa dada yake. Nikanuna. Nikala chakula cha jioni nimenuna, na cha asubuhi, na chakula chenyewe kilikuwa kitamu, jambo lililoniudhi zaidi. Mwishowe nikaongeza maji kwenye hesabu na kutia sahihi.

Sehemu ile ya barua naikumbuka mpaka leo: "Bei hii inabeba maji yote ya ujenzi, na ujira wa watakaoyateka, mpaka sakafu ikomae. Ni nafuu kwa sababu matofali yatafyatuliwa kwa udongo wa vichuguu vilivyo hapo hapo, hayatasafirishwa, na kwa sababu chama hakitaijenga sakafu hii mara ya pili."

Siku ya kufungua bahasha tulikuwa mafundi watatu mbele ya kamati. Bwana Ushirika, ofisa wa serikali aliyesimamia vyama, alikuja kutoka Shinyanga kuangalia mambo yanakwenda sawa. Karani akasoma bei moja moja. Yangu ikawa ya juu kuliko zote. Kichwani nikamwona mwanangu akiniuliza naondoka lini.

Karani akasoma barua yangu. Alipofika kwenye maji, wajumbe wakacheka.

"Fundi," mwenyekiti akasema, "maji yana wenyewe. Wake zetu wapo. Toa hayo maji, utakuwa chini ya wenzako, tukupe kazi sasa hivi tukalime."

Sitadanganya, neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika mdomoni. Kisha nikamfikiria yule mwanamke aliyeweka kalamu chini, na jinsi ambavyo ningemtazama usoni nikirudi.

"Siwezi kuyatoa, mzee. Yakitoka, na sakafu inatoka."

Bwana Ushirika akakohoa. Akasema hata ningekubali isingewezekana, kwa kuwa bei ikishafunguliwa haiguswi. Kinachoruhusiwa ni kumwuliza kila fundi bei yake imebeba nini. Mafundi wenzangu walikuwa wameleta bei tupu bila maelezo yaliyotakiwa. Walipoulizwa, wa kwanza akasema maji na mabati kutoka Isaka ni juu ya chama. Wa pili akasema mabati atayaleta, maji watateka kina mama. Hapo mjumbe mmoja akasema pamba yake ilishikwa na vumbi la sakafu ya ghala la kwanza, ikashushwa daraja la pili, na kama hayo ndiyo maji ya bure basi yeye ameshayalipa. Hakuna aliyecheka. Ili kulinganisha tu, karani akajumlisha kwenye bei za wenzangu gharama ya kile walichokiacha nje, na bei yangu ikawa ya chini kuliko zote; kazi nikapewa mimi.

Nilirudi nyumbani nimebana midomo kama niliyeshindwa, ili nimtanie. Alinitazama mara moja tu, akaanza kufunga vyombo vya kuhamia kule.

Ujenzi ukaanza. Jumamosi ya kwanza nikakaa mezani kulipa ujira. Mafundi wakapita, vibarua wakapita, wakafuata wateka maji. Katikati ya mstari wao, debe mkononi, alikuwa amesimama mke wangu.

"Na wewe?" nikamwuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeteka wiki nzima, baba watoto. Barua haikusema isipokuwa mke wa fundi."

Wanawake wakaangua kicheko. Nikamlipa. Akazihesabu hela mbele yangu, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaondoka bila kusema asante, na hakuwa na sababu ya kuisema. Utosini nywele zilikuwa zimelala mahali debe linapokaa. Tangu tuoane, kila asubuhi niliyoamka nyumbani nilioga maji aliyoyabeba yeye, na hata siku moja sikuwahi kuuliza yana uzito gani. Mwanamke aliyefuata alikuwa ameshanyoosha mkono, na mimi nilikuwa bado namwangalia mke wangu akienda.