Sentensi ya Wiki ya Kwanza

Mafundi wa kampuni ile ya majokofu walimwita afisa utumishi wao Mama Fomu, kwa kuwa hata ukimwomba kalamu alikuandikisha. Hakukasirika. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameketi katika chumba kidogo kando ya karakana, akiwapokea watu na kuwaaga. Hilo la kuwaaga hakulizoea.

Wa mwisho kuagwa alikuwa kijana aliyedumu siku tatu. Mafundi walimsalimu kwenye kundi la simu: "Karibu motoni! Aliyekutangulia alikimbia na buti za kampuni." Walicheka wenyewe. Kijana alifunga virago. Tangu hapo meneja aliagiza kwamba salamu zote kwa mgeni zipitie kwa Mama Fomu, azinyooshe ziwe barua moja ya ukaribisho.

"Na huyu naye akikimbia," meneja alimwambia, "hatutawalaumu mafundi tena."

Mgeni wa safari hii alikuwa binti, fundi wa kwanza wa kike pale karakanani, na alitarajiwa Jumatatu. Ijumaa mchana Mama Fomu aliweka simu kando ya kompyuta akaanza kazi. Dereva alikuwa ameandika: "Karibu dada, ukila ndani ya gari langu nakushusha njiani." Mama Fomu alimuuliza saa ya kuondoka, kisha akaandika: "Dereva wetu anakukaribisha kwa furaha. Mtaondoka langoni saa mbili kamili. Anaomba tu tusile ndani ya gari." Kila salamu aliirudisha kwanza kwa mwenyewe aikubali.

"Ni maneno yako haya?"

"Ni yangu, Mama," dereva alijibu, "ila umeyavalisha tai."

Ikabaki salamu ya fundi mkuu: "Wiki ya kwanza hapa ni kunywa chai na kutazama wenzako wakitoka jasho." Mama Fomu aliisoma mara mbili, akaandika: "Wiki ya kwanza hutapangiwa kazi za nje. Utajifunza kwa kuwatazama wenzako." Alimpigia fundi mkuu, lakini alikuwa juu ya paa la mteja na simu haikupokelewa. Meneja alipochungulia mlangoni kuuliza kama barua imekwenda, Mama Fomu aliituma.

Jibu lilirudi kabla hajamaliza kupanga meza. "Asante sana, Mama. Nilikofanya mafunzo ya kazi walinipandisha paani siku ya kwanza bila wa kunielekeza, nikaanguka. Nilikuwa nimepata nafasi mbili za kazi. Kwa sababu ya sentensi ya wiki ya kwanza, wale wengine nimewaambia sitakwenda."

Alikwenda karakanani akasimama mbele ya ubao wa ratiba. Jumatatu: mgeni, mashine ya chumba cha baridi, paani.

Fundi mkuu aliingia akiburuta ngazi.

"Ile ya chai ulimaanisha?"

"Mama Fomu! Lini umeona mtu akinywa chai hapa?" Alicheka, kisha akamwona uso. "Kuna nini?"

Alimpa simu asome. Fundi mkuu alisoma polepole, akavua kofia.

"Basi mfute paani," Mama Fomu alisema.

"Sina mtu mwingine. Mmoja anauguza mgonjwa, mmoja yuko likizo. Nyamaza tu, akifika atazoea."

Maneno yale yalimjaribu. Kunyamaza kulikuwa rahisi, na Ijumaa ilikuwa imebakiza saa moja. Lakini yule binti alikuwa amefunga mlango mwingine kwa kuamini kauli ambayo hakuna aliyeitoa isipokuwa yeye Mama Fomu. Alichukua simu yake, akampigia pale pale.

"Mwanangu, ile sentensi niliitunga mimi. Mwenzetu alitania, mimi nikaigeuza ahadi bila kumuuliza. Jumatatu umepangwa paani. Bado kuna muda wa kuwarudia wale wengine, na ukitaka nitawaeleza mwenyewe kwamba kosa ni langu."

Binti akauliza, "Huyo mwenzenu, yeye anasemaje?"

Fundi mkuu alikuwa amesikia. Alijifuta vidole kwenye suruali, akaomba simu, akasita, akairudisha. "Siwezi kuongea. Nitaandika."

Simu ilipokatwa aliichukua tena, akaandika kwa dole gumba moja, akamwonyesha Mama Fomu kabla ya kutuma: "Dada, paani tutapanda wote. Mimi natangulia, wewe unafuata, kamba za usalama nitakufunga mwenyewe. Ukiogopa tunashuka, hakuna wa kukucheka. Akicheka mtu atakula kofi langu."

Mama Fomu alinyoosha kidole kwenye sentensi ya mwisho. Hivyo vilikuwa vitisho, meneja angemwita fundi ofisini. Akakirudisha kidole.

"Ni maneno yako haya?"

"Yangu yote."

"Tuma."

Walisimama kando ya ngazi wakiitazama simu. Dakika tatu zilipita, kisha nne. Mama Fomu hakuthubutu kukaa.

"Nitakuja," binti aliandika. "Mkanda wa usalama ninao, lakini mdogo wa kiuno. Mnao mwingine?"

Mama Fomu alikuwa tayari njiani kwenda stoo kuutafuta kabla haijafungwa.