Picha Kali ya Dereva Ignasi

Ignasi alipoleta televisheni nyumbani kwake Nachingwea mwaka 2004, kitufe cha kwanza alichokizoea kwenye rimoti, baada ya kile cha sauti, kilikuwa cha picha. Ukikibonyeza, neno linatokea chini ya kioo: "Standard". Ukibonyeza tena linakuja "Soft", kisha "Personal", kisha "Dynamic", halafu unarudi ulikoanzia. Ignasi aliishia kwenye "Dynamic", yenye picha kali kuliko zote. Siku nyingine akaingia kwenye menyu, akakuta rangi imepangwa kwa "Cool", "Normal" na "Warm". Akachagua "Cool", na kila kitu kikaegemea ubuluu.

Majirani walipouliza, aliwajibu kwamba Kiingereza chenyewe kinajieleza: "Cool" ni ubaridi, seti haichemki ndani hata ikiwaka kutwa. Mzee Harithi, mwenye lori ambalo Ignasi aliliendesha, alilipokea somo hilo, akaenda kuipoza na ya kwake.

Ulikuwa uongo, na Ignasi alijua. Daktari wa macho aliyepita wilayani alikuwa amemweleza peke yake kwamba mtoto wa jicho anakua pande zote mbili, kwamba ndiyo maana nyeupe anaiona kama karatasi iliyokaa juani ikageuka njano, na kwamba asiendeshe gari mpaka afanyiwe upasuaji. Ignasi aliitikia, akatoka, akapanda lori. Picha kali yenye ubuluu ilimrudishia weupe aliokuwa ameupoteza, na kwake ilitosha kumshawishi kwamba bado anaona. Jioni moja, wiki moja kabla ya mechi ambayo majirani wangekuja kuitazama kwake, barabara ya Mandawa, alimkosakosa mwanamke aliyekuwa akikokota baiskeli. Hakumwambia mtu. Siku ya pili baada ya mechi hiyo alitakiwa kwenda Ruangwa kubeba ufuta, na binti yake Prisca angekaa mbele pamoja naye, akirudi shule.

Jioni ya mechi, mwanawe Fortunatus alikuwa nyumbani. Kijana huyo alikuwa akiendesha banda la video Ruangwa, na alikuwa hajawahi kuelewana na baba yake juu ya jambo lolote tangu aache shule. Ignasi alipotoka kwenda kumpokea Mzee Harithi na wageni wengine, Fortunatus alishika rimoti. Waliporudi na mabenchi, picha ilikuwa imepungua ukali na kutulia.

"Nani kagusa seti yangu?"

"Mimi, Baba. Nimeweka Personal, maana ndiyo pekee inayotunza vipimo unavyopanga mwenyewe. Na rangi nimetoa kwenye Cool, nimeweka Warm."

"Warm itaichemsha."

"Haichemshi chochote. Hayo ni majina ya rangi tu. Cool inaongeza ubuluu, Warm inaongeza wekundu. Joto la seti halihusiki."

Mzee Harithi alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe mwaka mzima familia yangu inaangalia watu wa buluu kwa ajili ya elimu yako, Ignasi?"

Wote wakacheka isipokuwa mwenye nyumba. Alimwambia mwanawe airudishe ilivyokuwa, na aache kuleta ujuaji wa vibandani ndani ya nyumba ya watu wazima. Fortunatus aliwageukia wageni. Akabonyeza, "Dynamic" ikatokea. Nyasi za uwanja zikawa kama zimepakwa rangi ya mlango, na jezi nyeupe za timu ngeni zikawaka mpaka namba za mgongoni zikafifia na mikunjo ya nguo ikapotea. Pembeni ya kila mchezaji kulikuwa na mstari mweupe, kama kakatwa na mkasi. Chenga za picha zilizoletwa na waya mchovu wa kutoka kwenye risiva nazo zilichomoza, kila chembe inaonekana.

Akaeleza kwamba mtindo huo unapandisha kontrasti ya mwanga na giza, rangi na ukali wa kingo vyote kwa pamoja, unafaa dukani kwenye mwanga mwingi ili mnunuzi avutike. Kwenye chumba chenye taa moja usiku unaumiza macho, na kioo chenyewe kinachoka mapema kwa kusukumwa namna ile. Akarudisha "Personal". Namba zikasomeka, hata kola zikaonekana.

"Iache hapo hapo," alisema Mzee Harithi, na wageni wakamuunga mkono.

Ignasi alikaa. Angeweza kushinda ubishi ule kwa sentensi moja ya kweli, na hiyo hakuwa tayari kuitoa. Kioo kwake kilikuwa kimegeuka rangi ya chai ya rangi. Timu yake ilivaa njano, timu ngeni nyeupe, na yeye aliona watu wa rangi moja wakikimbizana. Alifuata kelele za chumbani: wakiguna, anaguna.

Kipindi cha pili mpira ulipigwa krosi, mtu akaruka, nyavu zikatikisika. Ignasi alisimama, akapiga makofi na kunyanyua mikono juu. Alikuwa peke yake. Mkewe Marietha, aliyekuwa mlangoni na sinia la mihogo, alimtazama kwa mshangao.

"Umehama timu lini, dereva wetu?" alitania Mzee Harithi.

Mzaha ule ulikuwa mlango wa kutokea, na Ignasi aliuona. Alianza kucheka. Lakini Fortunatus alikuwa amesimama mbele ya seti.

"Baba, waliofunga wamevaa rangi gani?"

"Toka hapo mbele."

"Jezi yao. Rangi gani?"

"Mimi si mwanafunzi wako. Toka, na ukitoka usirudi."

Fortunatus alibonyeza. "Dynamic". Akaingia kwenye menyu, akaweka "Cool". Marudio ya goli yalikuwa bado yanaonyeshwa.

"Sasa?"

"Nyeupe," alisema Ignasi kwa hasira, kabla hajajizuia.

Kijana akarudisha "Personal" na "Warm". "Na sasa?"

Ignasi alikikodolea kioo macho, akaona rangi moja tu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa tena seti ile ilipozwa kwa sababu gani.

Fortunatus alikuwa na haki, lakini hakuwa na adabu, na haki iliyotolewa kwa kumvua baba nguo mbele ya wageni inabaki na doa lake. Hata hivyo kosa la Ignasi halikuwa macho. Mtu yeyote anaweza kuumwa macho. Kosa lilikuwa kushika usukani huku akijua.

Mzee Harithi aliacha kucheka. Aliuliza polepole tangu lini. Ignasi akasema ni vumbi la ufuta tu. Mzee akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Unamsikiliza mtoto huyu?" aliuliza Ignasi. "Mtoto aliyeshindwa shule?"

"Ufunguo, Ignasi."

Aliutoa mfukoni, akaurusha kifuani kwa mwanawe. Ukaanguka sakafuni. "Okota wewe. Si ndicho ulichokuja kutafuta?"

"Prisca angepanda gari hilo kesho," alisema Fortunatus. Aliuokota, akampa Mzee Harithi, akachukua begi lake chumbani. Marietha alimwita kwa jina, kijana hakugeuka. Mzee Harithi alisema atatafuta dereva mwingine, na kwamba Ignasi akitoka hospitali waje waongee. Wageni wakaondoka mechi ikiwa bado inaendelea.

Alipobaki na mkewe, Ignasi alipapasa benchi mpaka akaipata rimoti. Akabonyeza hadi "Dynamic". Picha ikawaka. Ubuluu hakuweza kuurudisha, maana njia ya menyu haikumjia kichwani, na herufi zake zilikuwa ndogo. Marietha alisimama pembeni yake na sinia, akisubiri aombwe kumsomea. Ignasi hakumwomba.