Mengineyo ya Mwenyekiti

Mwenyekiti wa chama chetu cha wenye vibanda, kule Kayole, alikuwa mtu wa utaratibu kweli kweli. Kila jambo zito alilihifadhi hadi Mengineyo, mwisho kabisa wa ajenda, watu wakiwa wameshasimama kwenda zao. Mimi nilikuwa katibu, yaani mtu wa kuandika anachotaka mwenyekiti, kisha aitwe msomi.

Jumapili moja, miaka ya tisini, notisi niliyobandika ukutani kwa bucha ilitaja mambo mawili tu: mtaro ulioziba na zamu za kufagia. Tulipofika Mengineyo, mwenyekiti akatoa karatasi mfukoni, imepigwa taipu vizuri. Ilisema kibanda cha mama mmoja muuza mboga kimefungwa wiki sita, kwa hiyo apewe mtu mwingine. Huyo mtu mwingine, bahati iliyoje, alikuwa shemeji wa mwenyekiti. Mama mwenyewe alikuwa Ukambani akimuuguza mamake. Angejuaje kwamba tunagawa riziki yake?

"Wanaokubali, mikono juu!"

Nikasema, "Mwenyekiti, katiba inataka notisi ya siku kumi na nne kabla mwanachama hajanyang'anywa kibanda. Karatasi hii tumeiona leo. Kuipokea tunaweza, kuiamua hatuwezi."

"Ala! Katibu, umekuwa wakili lini?"

Fundi viatu akasema katibu ana haki. Wengine wakaguna. Jambo likaahirishwa.

Kesho yake mwenyekiti akanijia, mpole kama shemasi. "Ile karatasi yangu, ibane tu pamoja na notisi ya ukutani, ionekane zilitoka siku moja. Nani atajua?" Wee! Ukarimu ulioje, kunifanya mwongo bila hata chai.

Nikaandika: "Mengineyo. Mwenyekiti aliwasilisha mkutanoni karatasi kuhusu kibanda cha mwanachama asiyekuwapo. Haikuambatana na notisi. Ilipokelewa kwa taarifa. Hakuna uamuzi uliofanywa. Jambo liwekwe kwenye ajenda ya mkutano ujao, na mhusika apewe notisi ya siku kumi na nne pamoja na nakala." Karatasi yenyewe nikaiambatisha na kumbukumbu hizo, juu yake nimeandika tarehe ilipoletwa.

Notisi nilimtumia mama kwa mkono wa dadake. Mkutano uliofuata alikuja na kadi ya hospitali ya mamake, akajieleza kwa sauti ya chini. Mikono ilipohesabiwa, wa kumpinga ulikuwa mmoja, nanyi mnaujua ni wa nani.

Nilijisikia shujaa, sitaki kudanganya. Nikangoja mama anishukuru. Akaja, akanishika mkono.

"Asante, mwanangu. Na yule kinyozi aliyeondolewa mwaka jana, yeye alipewa notisi?"

Kinyozi aliondolewa chini ya Mengineyo, akiwa hayupo. Kumbukumbu zile zilisema "imepitishwa kwa kauli moja", kwa mwandiko wangu, na mimi mwenyewe niliinua mkono.