Rangi ya Ng'ombe Aliyekwama Nyuma ya Senyenge

Miaka ile ya themanini nilikuwa na meza mbele ya duka la chumvi na sabuni pale Omurushaka. Juu ya meza palikuwa na taipureta moja, chupa ya mafuta ya cherehani ya kulainishia taipureta hiyo, na kitabu kinene chenye jalada lililobanduka. Nilikuwa naandikia watu barua. Barua za Kiswahili niliandika haraka kuliko mwenye nazo alivyoweza kuzisema. Za Kiingereza niliandika polepole, na kila sentensi niliisoma mara mbili, kwa sababu Kiingereza ni kama gunia la maharage ya mtu usiyemjua: juu safi, chini mawe.

Kile kitabu nilikipata kwa mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Nilikuwa nimemfuata kwa ajili ya utepe wa taipureta. Tulivutana juu ya bei ya utepe hadi akachoka, akasema nichukue na kitabu, alimradi niondoke. Nilifika nyumbani nikadhani nimeuziwa kamusi mbovu. Kamusi hukupa neno, halafu maana. Hiki kilikuwa na maneno tu, mafungu kwa mafungu, kila fungu na namba yake, bila maana hata moja. Ilinichukua wiki mbili kugundua kwamba kinafunguliwa kwa nyuma. Kule nyuma kuna orodha ya maneno kwa mpangilio wa alfabeti. Unatafuta neno unalolijua, lililo jirani na lile usilolikumbuka. Orodha inakupa namba kadhaa, kila namba kwa maana moja ya neno hilo. Unachagua maana, unafuata namba, unafika kwenye fungu, na humo unakuta ukoo mzima umekaa pamoja. Ni kama kutafuta mtu sokoni: jina umesahau, lakini unajua anauza ndizi, basi unakwenda upande wa ndizi.

Asubuhi moja ya Jumanne alikuja mama mmoja wa watu wa mifugo, mjane, ametembea tangu alfajiri kutoka kwenye mbuga za malisho. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kreti la soda na kunitolea kikaratasi kilichokunjwa mara nne.

Habari yake ilikuwa hivi. Ng'ombe wake alikuwa amepenya senyenge ya ranchi moja na kuchanganyika na wengine waliopotea. Nyumbani amebaki ndama wa majuma matatu, siku ya pili sasa ananyonya vidole vya watu. Jirani alitoa maziwa jana. Leo jirani naye ana ndama wake. Meneja wa ranchi alikuwa mzungu, na katika jambo hili alikuwa mjanja: wadai wengi walikuwa wamesimama kwenye uzio wakisonta ng'ombe wazuri na kusema huyu wangu. Akafunga geti. Akagawa vikaratasi. Kila mdai aandike jinsia, rangi, pembe na alama za mnyama wake, na karatasi isiposhabihiana na ng'ombe, basi, hakuna karatasi ya pili. Mkutano wa kugawa ulikuwa siku hiyo hiyo, saa tisa mchana. Asiyedaiwa angepelekwa mnadani.

Nikamuuliza kwa nini asiandike kwa Kiswahili. Akasema karani anayemtafsiria meneja ni shemeji wa mmoja wa wadai, na mdai huyo anamtaka ng'ombe yule yule.

"Andika kwa lugha ya mzungu," akasema, "isipite mdomoni mwa mtu."

Jinsia ilikuwa rahisi. Pembe nilizichora kwa mikono hewani, akazirekebisha, nikaziandika. Tatizo lilikuwa rangi. Nafasi iliyoachwa kwa rangi ilikuwa na urefu wa kidole gumba changu. Akanitajia rangi hiyo kwa lugha yao ya nyumbani, neno moja tu, kama mimi ninavyosema "nyekundu". Nikamwomba anieleze. Mwekundu, akasema, lakini ana mistari myeusi.

Nikataka kuandika hivyo hivyo: mwekundu mwenye mistari. Akaniwekea mkono juu ya taipureta. Mle ndani, akasema, amemwona ng'ombe mwingine mwekundu mwenye mstari mmoja mweusi mgongoni. Ukisema mistari, wataleta yule. Na ukisema mwekundu tu, shemeji wa karani naye ameandika mwekundu, maana kwa mbali, kutoka kwenye uzio, yule ng'ombe ni mwekundu. Mistari huioni mpaka uwe umemkamua.

Hapo ndipo neno liliponijia. Halikuja lote, lilikuja mgongo. Kiingereza kina neno la rangi hiyo, na mimi nililisoma zamani shuleni, katika hadithi ya paka. Linaanza na B. Lina mapigo mawili. Nililisikia kabisa likitembea kichwani, viatu vyake navisikia, uso siuoni. Nilipolivuta likaja neno jingine, "bridle", ambalo ni hatamu ya farasi, likakaa mlangoni na kukataa kuondoka. Nikalifukuza. Likarudi.

Nikafungua kitabu kwa nyuma. Kwanza nilitafuta ng'ombe, kosa la mchuuzi wa zamani ambaye maisha yake yote ameona bidhaa kabla ya kuona sifa yake. Chini ya neno "cow" nilikuta namba ya wanyama, na nyingine ya kutisha watu, kwa sababu kwa Waingereza neno hilo ni jina na ni kitendo pia. Nilifuata wanyama. Nikakuta fahali, maksai, mtamba, ndama. Hakuna rangi.

Nikatafuta nyekundu. Fungu la wekundu lilikuwa refu kama foleni ya sukari: wekundu wa damu, wa kutu, wa tofali, wa moto, wa aibu. Nilimtafsiria moja moja. Kila moja alitikisa kichwa. Nilipofika kwenye kutu nikaona tumekaribia, nikaanza kumshawishi kama nilivyokuwa nikimshawishi mnunuzi wa sufuria yenye kipini kilicholegea.

"Mama, kutu ni nyekundu yenye giza. Itatosha."

"Ng'ombe wangu si bati."

"Basi madoadoa."

"Mwanangu, madoa ni ya chui. Wewe unauza haraka kwa sababu ng'ombe si wako."

Maishani nimebishana bei na watu wengi, na wachache wamenipiga chini kwa bei moja kama yule mama. Nikafunga kitabu juu ya kidole. Nikamwambia aache rangi, aache ng'ombe, aniambie kitu kingine chochote duniani kinachofanana naye.

Akafikiri. Akasema: jiko la zamani, lile la nyasi. Ukuta wa udongo mwekundu. Paa linavuja mvua ya masika, maji yanashuka na masizi ya moshi. Asubuhi unakuta ukuta umechirizika kuanzia juu hadi chini, mikondo mingine minene, mingine kama uzi, hakuna mfano wa mwenzake, imeingiliana. "Si mistari ya daftari," akasema. "Ni michirizi."

Michirizi! Nilikuwa nimehangaika na kitu chenyewe, naye amenipa umbo lake. Nikarudi nyuma ya kitabu, herufi S, nikapata "streak". Palikuwa na maana nne au tano: ya mstari, ya radi, ya kukimbia mbio, na chini kabisa ya rangi mchanganyiko. Nikaisoma namba ile ya mwisho mara mbili nisije nikafuata jirani yake, nikafungua mbele. Muuza chumvi alikuwa ametoka dukani, na mshona viatu ameacha kiatu cha mtu msumari nusu.

Fungu lilianza na upinde wa mvua, likapita vitambaa vya drafti, likapita pundamilia na tausi. Nikateremka na kucha. Mabaka. Madoa. Nyeusi na nyeupe. Kijivu cha mvi. Halafu kucha ikasimama yenyewe kabla macho hayajasoma.

"Brindled."

Nilisimama, kreti nililokalia likaanguka. Hakukuwa na haja ya kuuliza. Neno lililopotea likirudi hulitambui kwa akili, unalitambua kwa mwili, kama unavyojua mguu wako mwenyewe gizani. Hatamu ya farasi ikaondoka mlangoni bila kuaga.

Lakini mimi sinunui kitu kwa kukipenda. Kitabu kile, nilikwisha sema, hakitoi maana. Kinakuonyesha ndugu, hakikuambii yupi ni yupi. Jirani ya neno langu palikuwa na neno la mabaka, na jingine la nywele nyekundu zilizochanganyika na nyeupe, na mtu mwenye furaha huchukua la jirani. Nyuma ya maduka alikaa mwalimu mstaafu mwenye kamusi ya kawaida ya Kiingereza, ambayo hakuwahi kumwazima mtu. Nikampigia hodi dirishani, nikamtajia neno herufi kwa herufi. Akavaa miwani taratibu, kama anayevaa kanzu ya kanisani, akatafuta, akasoma kwa sauti ya darasani kisha akatafsiri: mnyama wa rangi ya kahawia iliyo karibu na nyekundu, au kijivu, mwenye michirizi ya rangi iliyokoza zaidi.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Huyo amemwona ng'ombe wangu."

Nilipiga neno lile katika nafasi ya kidole gumba, likaenea na likabakiza upana wa njugu. Nikafunga meza. Saa sita ilikuwa imepita. Nilimpakia kwenye kerea ya baiskeli, yeye na kikaratasi chake kifuani, na tukaenda, kwenye milima tukiishuka baiskeli na kuisukuma, kwenye miteremko tukikimbia na kuomba breki zisikilize.

Getini palikuwa na watu kumi na mmoja. Nilihesabu tena nikapata kumi na mmoja. Karani alinyoosha mkono achukue karatasi. Mama alimpita kama mtu apitavyo kisiki, akampa meneja mkononi. Meneja akasoma. Akarudia kusoma. Akatoa daftari lake mfukoni, lile aliloandika wanyama siku walipoingia, akaweka kikaratasi juu ya ukurasa na kunigeuzia nione. Kwa mwandiko wake wa penseli, mstari wa tatu, lilikuwepo neno lile lile.

Meneja akamwambia mchungaji afungue zizi, na ng'ombe akatolewa. Kwa hatua ishirini alikuwa mwekundu. Kwa hatua kumi bado mwekundu. Alipofika mbele yetu jua likampiga ubavuni, nikaiona michirizi, inashuka, inaingiliana, mingine kama uzi. Kiwele kilikuwa kimejaa, kinadondosha.

Meneja akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, neno hilo nimelitoa wapi, maana hata wenzake wa mjini hawalijui. Nikajiandaa. Nilikuwa na mengi ya kumweleza, kuanzia utepe wa taipureta.

Mama alikuwa tayari ameshika kamba.

"Mwanangu, maneno utampa kesho. Ndama hasomi."

Nikageuza baiskeli, nikamfuata.